Unga wa mlonge kila siku, majani mabichi, maganda, mbegu au mizizi: kipi uchague na kipi uache

Mtu mzima asiye na ugonjwa wa kudumu, asiyetumia dawa kila siku na asiye mjamzito anaweza kula unga wa majani ya mlonge kila siku bila shida, mradi asizidishe kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa kwa siku, yaani gramu 7 hivi. Mbali na majani, maganda machanga, maua yaliyopikwa na mbegu changa za kijani nazo ni chakula. Mbegu kavu zina mashaka, hasa zikiliwa kila siku. Mizizi na magome si chakula hata kidogo.

Mlonge tunaouzungumzia ni ule ambao Wakenya wengi wa pwani wanauita mzunze, wenye asili ya kaskazini mwa India, kwenye miteremko ya Himalaya. Una ndugu yake wa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, wenye majani mapana kidogo. Wakonso wa kusini mwa Ethiopia wanakula majani ya huyo ndugu karibu kila siku, yamechemshwa pamoja na madonge ya unga wa mtama au mahindi. Basi kula jani lililopikwa, kwa kiasi cha mboga, si jambo geni. Jambo geni ni kulikausha, kulisaga, kisha kulinywa kwa vijiko kama dawa. Hapo ndipo maswali ya kipimo yanapoanza.

Unga au jani bichi: kijiko kina nini hasa?

Matangazo mengi yanasema unga wa mlonge una kalsiamu mara 17 ya maziwa. Hesabu yenyewe si ya uongo, ila inalinganisha gramu 100 za unga mkavu na gramu 100 za maziwa ambayo karibu yote ni maji. Hakuna anayekula gramu 100 za unga wa mlonge kwa siku, maana hivyo ni vijiko 14 vya chakula. Rudi kwenye kijiko chako kimoja. Gramu 100 za unga zina kalsiamu ya miligramu 2,000 hivi, kwa hiyo gramu 7 zinakupa 140, karibu sawa na nusu kikombe cha maziwa. Protini iliyomo kwenye kijiko hicho haifiki gramu 2, wakati yai moja lina gramu 6. Hiyo ni nyongeza nzuri kwenye uji au mchuzi, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya maharage, dagaa au yai.

Jani bichi lina maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Ili kupata kilo moja ya unga unahitaji angalau kilo 5 za majani yaliyochambuliwa, na zaidi ya hapo ukihesabu vikonyo na matawi unayotupa. Kwa maneno mengine, kijiko cha unga ni konzi moja ya majani mabichi, gramu 35 hivi. Mtu mwenye mti uani anayekula bakuli la mboga ya mlonge, gramu 100 za majani kabla ya kupikwa, amekula zaidi kuliko anayekoroga kijiko kwenye maji ya uvuguvugu, tena bila kununua kopo.

Tofauti nyingine ni vitamini C. Jani bichi linayo ya kutosha, karibu sawa na chungwa kwa uzito uleule, lakini kukausha kunaiondoa kwa sehemu kubwa. Anayekunywa unga kwa ajili ya vitamini C amechagua sehemu isiyofaa ya mti. Unga unahifadhi vizuri zaidi kalsiamu, protini na, ukikaushwa kivulini, kirutubisho kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini. Hicho huhitaji mafuta ili kifyonzwe, na ndiyo maana mboga ya mzunze iliyoungwa kwa tui la nazi inamfaa mlaji kuliko unga uliokorogwa kwenye maji matupu.

Madini ya chuma yanahitaji maelezo yake. Wengi wanaanza mlonge kwa sababu wameambiwa damu ni pungufu. Chuma cha majani hufyonzwa kidogo tu, lakini moto unasaidia: Kituo cha Mboga Duniani, ambacho kina ofisi Arusha, kiliwahi kupima na kuona kwamba kuchemsha majani ya mlonge huongeza chuma kinachoweza kufyonzwa kwa takriban mara tatu. Hapa kuna mvutano, kwa sababu ushauri wa kawaida ni kutia unga mwishoni, sufuria ikiwa imeepuliwa, ili vitamini zisiungue. Anayetafuta damu apike majani, au atie unga kwenye mchuzi wa dengu uchemke dakika chache, kisha akamulie ndimu mezani. Asiteremshie na chai ya rangi wala kahawa. Aziache zikae saa moja au mbili, kwa kuwa zinazuia chuma kufyonzwa. Na mwenye upungufu mkubwa wa damu atumie vidonge alivyoandikiwa, mboga ije pembeni yake.

Unga mzuri na unga mbovu

Kama umechagua unga, hatari ya kwanza iko kwenye namna ulivyotengenezwa kuliko kwenye jani lenyewe. Unga unakusanya kila kilichokuwa juu ya majani ya kilo 5 na kukiweka kwenye kopo la kilo moja: vumbi, kinyesi cha ndege, moshi wa magari. Kisha unaliwa bila kupikwa. Mwaka 2025 nchini Marekani watu waliugua salmonela baada ya kula bidhaa zenye unga wa mlonge uliotoka nje. Salmonela haionekani wala hainuki, na ukavu wa unga hauiui. Anayepika majani ameipitisha kwenye moto; anayekoroga unga kwenye juisi hajaipitisha popote.

Ukitengeneza mwenyewe, usichume kwenye miti ya kando ya barabara kuu au karibu na gereji. Chuma asubuhi umande ukishakauka, majani ya kijani yaliyokomaa kiasi, na uache yenye manjano, madoa au wadudu. Osha kwa maji safi ya kunywa, kisha yaloweke dakika 3 hadi 5 kwenye maji ya chumvi, gramu 10 kwa kila lita, halafu suuza tena. Yachambue kutoka kwenye vikonyo kabla hayajanyauka. Yatandaze kwenye neti safi iliyoinuliwa kutoka chini, ndani ya chumba chenye hewa inayopita na kisichoingia jua wala kuku. Kwa kila mita moja ya mraba usizidishe kilo moja ya majani. Yageuze mara kadhaa kwa siku kwa mikono iliyonawa.

Yasizidi siku nne. Yakizidi, na Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika huwa yanazidi, ukungu unaingia kabla ukavu haujafika. Msimu huo ni afadhali kikaushio cha jua kilichofunikwa au cha umeme kisichozidi nyuzi 55, ama uache kukausha kabisa na upike mabichi. Jani lililo tayari linavunjika kwa mlio ukilifinya. Linalojikunja kama karatasi laini bado lina maji, na ukilisaga hivyo, ndani ya wiki mbili kopo litakuwa na mabonge.

Kwa anayenunua, rangi inasema mengi. Unga uliokaushwa kivulini ni wa kijani kibichi na unanukia kama majani makavu ya chai. Ule wa kijani kilichochuja kuelekea kahawia ulianikwa juani au umekaa sana, na sehemu kubwa ya vitamini A imekwenda. Chukua chembe kidogo uitie ulimini: ukihisi nyuzinyuzi zisizolainika, wamesaga na vikonyo ili kuongeza uzito. Mabonge au harufu ya uvundo maana yake unyevu uliingia. Huo usichekeche ukala, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa chekecheo wala kwa kuchemsha. Hifadhi unga kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga, mbali na jiko, na uumalize ndani ya miezi sita.

Kijiko kimoja, siyo viwili vya mlima

Gramu 7 hadi 8 kwa siku ndicho kiasi ambacho watu wazima wamepewa kwenye tafiti za hadi miezi mitatu bila madhara makubwa kuonekana. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu kina gramu 6 hadi 8. Kilichojaa mlima kinaweza kufika gramu 10 au 12, na kijiko cha chai kina gramu 2 hadi 3. Kwa hiyo agizo la "vijiko viwili" bila kusema vijiko gani linaweza kumaanisha gramu 5 au gramu 24.

Anza na nusu kijiko cha chai pamoja na chakula kwa wiki moja, kisha kijiko kizima cha chai, na upande taratibu. Anayeanza na kijiko kikubwa tumbo likiwa tupu ndiye anayeharisha, anayejaa gesi au anayepata kiungulia, halafu anaambiwa eti mwili unatoa sumu. Hakuna sumu inayotoka. Ni tumbo limezidiwa, na dawa yake ni kupunguza kipimo. Dalili nyingine haisubiri kupunguza: vipele mwilini, vidonda mdomoni au macho kuwasha na kuvimba baada ya kula mlonge. Acha mara moja uende hospitali.

Mtoto chini ya miezi sita hapewi. Chakula chake ni maziwa ya mama tu. Kwa mtoto aliyeanza kula, majani yaliyopikwa na kupondwa ndani ya chakula cha familia yanafaa kuliko unga. Ukitumia unga, nusu kijiko cha chai kilichochemka ndani ya uji kinatosha.

Anayetumia dawa ana hesabu nyingine

Chukua mfano wa mama wa miaka 54 mwenye kisukari. Kila asubuhi anameza glibenklamaidi ya miligramu 5 kabla ya chai. Shoga yake anampa kopo la unga, naye anakunywa vijiko viwili vya chakula vya mlima kwenye maji ya uvuguvugu, tumbo tupu, na kwa kuwa ameshiba maji anaahirisha kula. Glibenklamaidi inalisukuma kongosho litoe insulini, iwe amekula au hajala. Mlonge nao unaweza kushusha sukari kiasi. Kufika saa nne asubuhi anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, njaa inamuuma na maneno yanampotea. Akijipima anakuta sukari iko chini ya 3.9, au 70 kwa vipimo vinavyosoma miligramu.

Cha kufanya papo hapo ni kumpa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kumpima tena baada ya dakika 15, na kurudia kama bado iko chini. Ikishapanda ale chakula kamili, kwa sababu glibenklamaidi inaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena mchana. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu; apelekwe hospitali.

Kosa lake halikuwa mlonge peke yake. Lilikuwa kipimo kikubwa, tumbo tupu, chai iliyoahirishwa na dawa ya aina ile, vyote asubuhi moja. Akitaka kuendelea, azungumze kwanza na kliniki yake, kisha aanze na kijiko kimoja cha chai katikati ya mlo wa mchana, asibadilishe kitu kingine chochote, na kwa wiki mbili aandike sukari ya asubuhi kabla ya kula na ya saa mbili baada ya mlo. Daftari hilo ndilo litakalomwezesha daktari kuamua kama dawa ipunguzwe. Kuacha vidonge mwenyewe kwa sababu "sasa natumia mlonge" ni hatari kubwa kuliko ule mtetemeko, kwa kuwa sukari inayopanda taratibu haina mtetemeko wa kukushtua. Anayetumia metiformini peke yake hashuki kirahisi hivyo. Wa kuchunga zaidi ni wa glibenklamaidi na wa insulini.

Wanaotumia dawa za presha waangalie kizunguzungu wanaposimama. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda asianze unga bila daktari wake kujua, maana majani yote ya kijani yana vitamini K inayopingana na dawa hiyo, na kula leo nyingi kesho hakuna ndiko kunakovuruga vipimo. Wa levothairoksini ya tezi naye amwambie daktari. Mwenye figo zilizochoka apate ruhusa kwanza, kwa ajili ya potasiamu iliyomo.

Kwa mjamzito, chaguo letu liko wazi: mboga ya majani yaliyopikwa, kwa kiasi cha mboga nyingine yoyote, badala ya unga wa kila siku au vidonge vilivyokolezwa. Mbegu, magome na mizizi asiguse. Anayenyonyesha ana uhuru zaidi. Ufilipino, ambako mti huu unaitwa malunggay, supu ya majani yake ni chakula cha kawaida cha mzazi.

Sehemu nyingine za mti

Maganda machanga yanastahili sifa kuliko yanavyopewa Afrika Mashariki, ambako mara nyingi ni familia zenye asili ya India zinazoyapika huku majirani wakiyaacha yakauke mtini. Ndiyo sehemu ya kuchagua kwa vitamini C: mabichi yana miligramu 141 kwa gramu 100, kuyashinda majani na chungwa, na hata baada ya kuchemshwa hubaki nyingi. Chuma yakiwa membamba kama kidole, yale yanayokatika "tap" bila kuacha uzi. Yakate vipande vya urefu wa kidole, uvute nyuzi za ganda la nje, uchemshe dakika 15 kwenye mchuzi wa dengu au wa nazi. Yaliyokomaa kidogo bado yanafaa, ila hayamezwi: unakipasua kipande, unafyonza nyama ya ndani na kutema makapi.

Maua huliwa yamepikwa, yakaangwe na kitunguu au yatiwe kwenye mayai. Mabichi huendesha tumbo. Na kila ua unalochuma ni ganda usilolipata.

Mbegu zina sura mbili. Zikiwa changa, laini na za kijani ndani ya ganda bichi, zinapikwa kama njegere: zichemshe dakika chache, mwaga maji ya kwanza yenye uchungu pamoja na vingozi, kisha uziunge. Zikikauka na kuwa za kahawia zenye mbawa, mambo yanabadilika. Hizi ndizo wanazouziwa watu wamumunye tatu asubuhi na tatu jioni, kwa ahadi ya kutibu magonjwa 300. Zinaanza kwa uchungu, kisha maji ukinywa yanakuwa matamu, na wengi wanaishia kichefuchefu au kuharisha. Protini zake hukamata matope na kuyatuamisha ndani ya maji, kazi nzuri sana kwenye ndoo ya maji machafu, ingawa maji hayo bado huchemshwa. Watafiti wa Ufilipino waliwahi kupata kwenye mbegu zilizokaangwa kemikali inayobadilisha chembe za urithi maabarani. Hilo halithibitishi kwamba aliyewahi kuonja mbegu mbili amedhurika, lakini linatosha kutufanya tusimshauri mtu azile kila siku wakati majani yapo kwenye mti uleule. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye mbegu ni jambo jingine: hayo ni ya kula, yanafanana na ya zeituni kwa aina ya mafuta yaliyomo.

Mizizi ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu ina harufu kali ya kupendeza inayofanana na haradali. Waingereza walioishi India waliikwaruza na kuila na nyama kama kiungo, na kutoka huko mti ukapata jina lake la Kiingereza la mti wa figili kali. Lakini mzizi, na hasa gome lake, una alkaloidi, mojawapo ikiwa spirokini, inayoweza kupooza neva. Mizizi na magome vimetumika pia tangu zamani kutoa mimba, na hiyo inaeleza kwa nini mjamzito hatakiwi hata kuonja supu yake. Kuchemsha muda mrefu hakukupi uhakika wowote, kwa kuwa hakuna namna ya kujua jikoni ni kiasi gani kimebaki. Mtu akikuletea chupa ya "mlonge wa mizizi" kwa ajili ya mgongo au nguvu za kiume, usiinywe. Na ukinunua unga wa kahawia wenye harufu ya haradali huku lebo inasema majani, mrudishie aliyekuuzia.